Hakuna Mtu Ananyimwa: Tuwache Kuongea Kuhusu Miili Yetu Kama Ni Deni

Usiku mmoja mwezi wa tatu, saa saba na kitu, mpenzi wangu aliniwekea mkono mgongoni. Pole pole, vile mtu hugusa sufuria akitaka kujua kama bado iko moto. Mimi nilijifanya nimelala. Nikavuta pumzi ndefu, hata nikakoroma kidogo ili uongo uingie vizuri. Aliacha mkono hapo kama dakika moja, halafu akautoa, akageukia ukuta.

Asubuhi akaniuliza akipiga meno mswaki: "Kwani uko na mwingine?"

Sikuwa na mwingine. Nilikuwa na video tatu za harusi za kuediti, kodi ya bedsita iliyochelewa siku nane, na mwili ambao haukuwa unataka kitu isipokuwa kulala. Lakini sikujua vile mwanaume wa miaka 23 anasema hivyo. Kwa hivyo nikasema "Wacha hizo," nikatoka kununua mkate.

Wasee, leo naongea kuhusu hiyo "wacha hizo". Najua baadhi yenu mtacheka. Chekeni, halafu msome, juu nina hakika kuna mtu hapa anayejifanya amelala kila wiki.

Kwanza niweke wazi. Mimi si daktari wala mshauri wa ndoa. Niliacha chuo mwaka wa pili na naishi na kamera na laptopu upande wa Muthangari, kule Gitanga Road inapoanza kusahau kwamba ni ya matajiri na kuelekea Kawangware. Lakini hii kitu ilikaribia kuvunja nyumba yangu, kwa hivyo nilisoma, nikauliza watu wanaojua, na tukajaribu. Nitakachosema ni kile nilichokielewa.

Nilipowaambia marafiki wawili kijiweni, bila kusema ni mimi, waliniletea majibu ambayo nyinyi mnayajua. Wa kwanza alisema huyo jamaa atafute mukombero kwa mama anayeuza pale stejini. Wa pili alisema atafute vile vidonge vya buluu. Hakuna aliyeuliza huyo jamaa analala saa ngapi. Na ile ya vidonge ni muhimu ieleweke: hivyo vidonge husaidia damu ifike mahali pake wakati mtu tayari ana hamu. Haviletei mtu hamu. Na ukivinunua barabarani bila daktari, na labda unatumia dawa fulani za moyo, presha yako inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Tatizo langu halikuwa damu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa naogopa.

Yeye naye alikuwa na kijiwe chake. Ni keshia, anasimama saa tisa kwa siku, na wenzake kazini walimpa majibu mawili. La kwanza, mwanaume akikosa kutaka, kuna mpango wa kando. La pili, jipambe zaidi. Basi akanunua manukato ambayo bei yake sitaitaja, na akaanza kukagua simu yangu nikiwa bafuni. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi: aliona aibu kwamba ni yeye ndiye aliyekuwa anataka. Amelelewa akiambiwa kwamba mwanamke anayetaka sana ana jina lake, na jina hilo si zuri.

Angalieni hapo. Watu wawili wanapendana, wako kitanda kimoja, na kila mmoja anaona aibu kwa sababu hafanani na hadithi aliyopewa. Mimi nilipewa hadithi ya mwanaume ambaye yuko tayari saa yoyote. Yeye akapewa ya mwanamke anayengoja kuombwa. Hizo hadithi ni za uongo zote mbili. Mwaka 2017, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa wa kitaifa uitwao Natsal. Kati ya watu waliokuwa wamewahi kufanya mapenzi mwaka uliotangulia, asilimia 34 ya wanawake na asilimia 15 ya wanaume walisema walikuwa wamekosa hamu kwa miezi mitatu au zaidi. Uingereza si Kawangware, najua. Lakini asilimia 15 ni karibu mwanaume mmoja kati ya saba. Kwa matatu ya wanaume 14, hiyo ni wanaume wawili wamekaa wakiangalia dirishani, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu.

Ugomvi wangu ni na neno moja: kunyima. Sikilizeni vile tunaongea. "Ananinyima." "Nimenyimwa unyumba." "Leo nitampa." "Haki yangu ya ndoa." Hayo ni maneno ya mtu anayegawa unga wa msaada. Kuna mwenye ghala, kuna mwenye sahani, na mwenye sahani anasimama kwa foleni. Ukianza mazungumzo na neno hilo umeshamaliza kesi kabla haijasikizwa: mmoja ni mwizi wa kitu cha mwenzake, na mwingine ni ombaomba. Hakuna mtu anayeweza kusema ukweli akiwa amewekwa kizimbani, na hakuna anayeweza kupendeza akiwa anaomba.

Na hatukujifunza hivi vijiweni tu. Hata siasa yetu imetufunza. Mwisho wa Aprili 2009, muungano wa mashirika ya wanawake uliojulikana kama G10 ulitangaza mgomo wa wiki moja, wanawake wasilale na waume zao, ili Rais Kibaki na Waziri Mkuu Raila wamalize mvutano wao. Ida Odinga mwenyewe aliunga mkono. Dunia nzima iliandika. Naelewa walichotaka, na nchi ilikuwa imetoka kuchomeka. Januari 2017, Mishi Mboko, wakati huo mwakilishi wa wanawake wa Mombasa, naye akawahimiza wanawake wawanyime waume zao mpaka waonyeshe kadi za kura. Watu walicheka. Lakini ona somo lililobaki: kwamba yeye hana hamu yake, ana bidhaa, na yule mwanaume hana moyo, ana njaa. Hakuna aliyeuliza kama na hao wanawake wangekosa kitu wiki hiyo.

Upande wa pili wa sarafu ni mbaya zaidi. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, kifungu cha 43, inaeleza ni wakati gani tendo linakuwa la kulazimisha na kinyume cha sheria. Halafu kijifungu cha 5 kinasema hayo hayawahusu watu waliooana kihalali. Soma tena pole pole. Ilibidi tungoje mpaka 2015, Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ndipo ukatili wa kingono ndani ya ndoa ukatajwa kwa jina kama ukatili, na mtu akaweza kwenda kortini kuomba amri ya kulindwa. Huko ndiko neno "haki yangu" hutupeleka likifika mwisho wa barabara. Ukiamini mwili wa mwenzako ni deni, siku moja utajiona una ruhusa ya kudai.

Mtu ataniuliza: sasa yule anayetaka akufe na kiu? Hapana. Hapa ndipo watu wa upande wangu hukosea. Wanasema "hapana ni hapana" halafu wanafunga mdomo, kana kwamba yule aliyekataliwa ni fisi. Hapana ni hapana, na hiyo haijadiliwi. Lakini uchungu wa aliyekataliwa mara kumi ni uchungu wa kweli. Mpenzi wangu hakuwa analilia tendo lenyewe. Alikuwa anauliza, kwa mkono, kama bado anapendeza kwangu. Mimi nilijibu kwa kukoroma.

Kilichonisaidia kwanza ni kuelewa vile hamu inafanya kazi, juu mimi nilidhani ni kama umeme wa tokeni: iko ama imeisha. Daktari mmoja wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika mwaka 2000 kwamba kwa wengi, hasa wanawake walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu haiji kwanza. Mtu anaanza akiwa katikati tu, hataki na hakatai, yuko tayari kuwa karibu. Akiguswa vizuri, akili ikitulia, ndipo hamu inaamka. Mwandishi Emily Nagoski aliieneza hiyo kwa watu wa kawaida katika kitabu chake cha 2015. Kuna hamu inayozuka yenyewe ukiwa unakata kitunguu, na kuna hamu inayoitika ikiitwa. Zote mbili ni nzima. Mpenzi wangu ana ile ya kwanza. Mimi nina ya pili, ingawa ni mwanaume na hakuna mtu aliwahi kuniambia wanaume pia wako nayo.

Kitu cha pili ni breki. Watafiti John Bancroft na Erick Janssen walieleza kwamba mwili una mifumo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa kukanyaga mafuta na mwingine wa kukanyaga breki. Kila mtu wa Nairobi anaelewa hii. Ukiwa kwa matatu ya 46 na dereva amekanyaga breki, hata aongeze mafuta namna gani, gari litanguruma tu lisiende. Manukato ni mafuta. Mukombero, watu husema, ni mafuta. Shida yangu ilikuwa breki, na hakuna aliyekuwa anaangalia mguu wa breki.

Basi tulikaa tukaandika breki zangu kwenye daftari la matumizi. Zilikuwa tano. Naediti mpaka saa tisa usiku na kulala saa nne tu. Simu inalia ujumbe wa wateja hata usiku. Ukuta wa bedsita ni mwembamba, tunasikia jirani akikohoa, kwa hivyo najua naye anatusikia. Kila Jumapili mamangu anapiga simu kuuliza nitarudi chuo lini, na baada ya hiyo simu najiona mtoto kwa siku mbili. Na ya tano, ile mbaya: nilikuwa naogopa kuanza nisiweze kumaliza, kwa hivyo sikuanza kabisa.

Zake zilikuwa mbili tu. Miguu kuuma baada ya kazi, na kutoongeleshwa. Mafuta yake ndiyo yalikuwa mengi, na la kwanza lilikuwa kitu kidogo: nikimshika kiuno akipika. Nilikuwa nimeacha.

Na kwa nini niliacha? Hili ndilo jambo ambalo ningetaka ubaki nalo hata ukisahau mengine. Yule mwenye hamu ndogo huanza kukwepa kila mguso, hata ule asiouchukia, kwa sababu kila kumbatio limekuwa arabuni. Nikimbusu jikoni, atadhani usiku kuna kitu. Kwa hivyo simbusu jikoni. Nikikaa karibu naye kwa kochi, itabidi. Kwa hivyo nakaa kwa kiti. Mwenzako sasa amepoteza vitu viwili badala ya kimoja, na kwa sababu hapati hata kushikwa mkono, ile nafasi moja inayotokea anaishika kwa nguvu zote. Ukiona anaishika kwa nguvu, unakwepa zaidi. Huo mduara ndio uliotumaliza. Kipimo cha hamu chenyewe hakikuwa na shida hiyo.

Utajuaje mko ndani yake? Mnalala saa tofauti kimakusudi. Mmoja anakumbuka ghafla kuosha vyombo ikifika saa nne. Busu limekuwa la shavu, la mlangoni, la haraka. Mmoja anahesabu siku, na mwingine anajua zinahesabiwa.

Sasa mazungumzo. Jaribio letu la kwanza lilikuwa aibu. Tulianza kitandani, gizani, dakika mbili baada ya mimi kukataa. Akasema, "Wewe hunitaki kamwe." Mimi nikasema, "Kwani wewe huwezi kukaa wiki?" Yeye akataja mpenzi wake wa zamani. Mimi nikataja kodi. Mpaka saa nane hivi kila mtu alikuwa amelia, na hakuna lililosemwa.

Jaribio la pili lilikuwa Jumapili mchana, tukitembea kutoka kwetu kuelekea Valley Arcade. Kutembea kulisaidia sana. Hamtazamani usoni, mikono iko na kazi, na ukiishiwa na maneno kuna miti ya kuangalia. Tulikuwa tumepatana mapema: nusu saa, halafu tunaacha, tunanunua smoki, hatuendelei nyumbani. Muda ukiwa na mwisho, mwoga anathubutu kuanza.

Mimi ndiye nilianza, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimejifanya nimelala. Mficha uchi hazai. Nikamwambia:

"Bebi, ile siku uliniguza mgongo, nilikuwa macho. Niliogopa. Si wewe. Nakupenda na napenda vile uko. Mwili wangu hauwaki haraka kama wako, na nimekuwa nikiona aibu kukwambia."

Alinyamaza mpaka tukapita karibu mageti matatu. Halafu akasema:

"Kumbe ulikuwa macho."

"Nilikuwa macho."

"Mimi nilidhani nimeanza kukuchukiza."

Hapo ndipo nilijua gharama ya kukoroma kwangu. Yeye naye akasema lake, na alilisema vizuri kuliko mimi: "Mimi sitaki unifanyie huruma. Nikijua unafanya ili ninyamaze, naona afadhali usifanye. Nataka tu nisikuwe kama mtu anabisha mlango wa nyumba yake mwenyewe."

Tulichokubaliana siku hiyo ni vitu vichache. Cha kwanza, kuna maneno hayaingii: "kamwe", "kila mara", "watu wa kawaida", na jina la mpenzi wa zamani. Sababu ni hii: ukisema "kamwe", mwenzako ataanza kutafuta siku moja ya kukukosoa, na mtaishia kubishana kuhusu kalenda. Badala yake unasema siku moja na hisia moja: "Jumanne ulipogeuka, nilijiona peke yangu." Hiyo haiwezi kupingwa.

Cha pili, kukataa kuwe kamili. "Nimechoka" pekee ni mlango uliofungwa kwa kishindo. Kukataa kamili kuna sehemu tatu: jibu, sababu isiyomlaumu mwenzako, na kile ambacho kiko. "Leo hapana. Kichwa kimejaa kazi. Lakini njoo nikushike mpaka ulale." Na hapa kuna mtego, niliuingia mwenyewe: usiseme "kesho" ili umnyamazishe. Nilisema hivyo mara mbili, na kesho ikifika nilijiona nina deni, na deni ni breki. Kama hujui, sema hujui.

Cha tatu ni cha yule anayekataliwa. Asilipize. Kununa siku mbili, kufunga mlango kwa nguvu, kunyamazia mtu kwa chai, hizo ni faini, na mtu akitozwa faini kwa kusema hapana, atajifunza kusema ndiyo ya uongo. Ndiyo ya uongo ni mbaya kwa wote. Mmoja anavumilia, mwingine anagundua, na mwili wa yule anayevumilia unaweka rekodi. Lakini ana haki ya kusema "imeniuma" na asikilizwe. Hiyo si lawama.

Halafu tukafanya kitu ambacho kinasikika kama wazimu: tuliweka tendo kando kwa wiki tatu. Si adhabu. Ni mbinu ya zamani, ya William Masters na Virginia Johnson wa Marekani, waliochapisha kitabu chao cha tiba mwaka 1970. Mnapatana kwamba hakutakuwa na tendo, kabisa, halafu mnagusana kwa zamu. Sisi tulifanya dakika 15 kila mtu, mara mbili kwa wiki, simu zikiwa kwa droo na redio ikiwa imewashwa kwa ajili ya jirani. Wiki ya kwanza unaacha zile sehemu ambazo kila mtu anazikimbilia: mgongo, mikono, nywele, nyayo. Anayeguswa anasema tu "hapo sawa" au "hapo hapana". Wiki zinazofuata mnaongeza pole pole, na bado hamalizii popote.

Kinachofanya kazi hapo si uchawi. Ukijua kwa hakika kwamba mguso hauna bili mwishoni, mguu unatoka kwa breki. Siku ya kwanza nilicheka kwa woga. Siku ya nne nililala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu mwaka uanze. Wiki ya tatu ni mimi niliuliza kama lazima tumalize hizo wiki tatu zote. Alikataa. Akasema tulipatana. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa msidhani nawauzia dawa. Pengo letu bado liko. Kama ni yeye angeamua, ingekuwa mara tatu kwa wiki. Mimi, mara moja ingenitosha. Hatujafanana na hatutafanana, na hakuna nambari sahihi ambayo daktari yeyote atakuandikia. Tofauti ni kwamba nimerudi kumshika kiuno akipika, na hakuna mtu anayeisoma kama risiti. Baadhi ya wiki anabaki na hamu yake, anaimaliza mwenyewe bila mimi kuona nimesalitiwa. Wiki zingine mimi naanza nikiwa katikati tu, na mwili unaitika. Ukiwa usiitike, naweza kusimama, na kusimama huko hakuleti vita.

Ule uchunguzi wa Uingereza uligundua pia kwamba wale waliosema huwa rahisi kwao kuongea na wenzao kuhusu mapenzi hawakuripoti sana kukosa hamu. Haimaanishi kuongea ni tiba. Pengine wenye hamu ndio wanaongea kwa urahisi. Lakini kwetu, bila kuongea, hata hiyo daftari ya breki isingeandikwa.

Kuna mipaka, na ningekuwa mwongo nikiiacha. Mazungumzo hayatibu maumivu. Kama tendo linauma, usivumilie ukiita ni mapenzi. Maumivu yana sababu, na mengi yanatibika, na mwili unaoumizwa utakataa hata ukiwa unampenda mtu. Mama aliyejifungua na ananyonyesha, homoni zake zimebadilika, uke unakuwa mkavu, usingizi hakuna. Kumwambia "umenisahau" ni ukatili mdogo. Baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu: rudi kwa aliyekuandikia, usiziache peke yako. Na wewe jamaa, kama hamu iko lakini mwili hauitiki, hata asubuhi ukiamka, kwa wiki nyingi, kapime sukari na presha kabla ya kwenda kwa mama wa mukombero. Mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, na mara nyingine ndiyo inayotangulia kuonyesha shida.

Na mpaka wa mwisho. Kama mwenzako anakulazimisha, anakutisha, anakunyima pesa ya chakula mpaka ukubali, hiyo haiitwi tofauti ya hamu na haihitaji matembezi ya Jumapili. Hiyo ni ukatili, uwe umeolewa au la, uwe mwanamke au mwanaume. Piga 1195, ni bure.

Lakini kwa sisi wengine, tunaopendana na tumekwama, nina ombi moja kwa wale wenzangu wenye maikrofoni, wanaopata watazamaji kila wiki kwa kuuliza "Mwanaume akinyimwa afanye nini?" Swali lenu ni bovu kabla halijajibiwa. Kwenye hiyo nyumba kuna watu wawili waliolala wakiangaliana migongo. Mmoja yuko macho na anaogopa, na mwingine yuko macho na anadhani amechukiza. Waulizeni hao.

Na kama leo usiku ni wewe utajifanya umelala, usikorome. Geuka useme, "Niko macho. Leo hapana, lakini niko." Mengine mtaongea Jumapili mkitembea.